Usimchoree Mtoto Methali, Mchoree Kisa

Ukitaka kumtengenezea mtoto wa miaka minane ukurasa wa methali, karibu kila mtu atakushauri mambo mawili. Kwanza, mtoto wa umri huo hajui mafumbo, kwa hivyo mchoree kile kinachotajwa: kidole na chawa, buyu na asali, ukuta na ufa. Pili, chini ya picha uweke swali moja: "Methali hii inatufundisha nini?" Nimezisoma kurasa nyingi zilizotengenezwa kwa ushauri huo, na nimetengeneza kadhaa mwenyewe. Leo nasema ushauri huo wote ni mbaya, na kwamba picha ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtoto aonekane kana kwamba hajui mafumbo.

Nilianza kuutilia shaka nikiwa Matiliku, kaunti ya Makueni, nimeketi na watoto sita uani kwa jamaa zangu. Wote walikuwa Gredi ya 3 au ndio kwanza wametoka hapo. Niliwapa ukurasa wa "Mvumilivu hula mbivu". Mchoro wake mnaujua hata kama hamjauona: mvulana ameketi chini ya mwembe, mikono magotini, na juu ya kichwa chake linaning'inia embe moja kubwa lililoiva vizuri. Mchoraji alikuwa ameliwekea hata mistari midogo ya kung'aa. Msichana mmoja alilitazama lile embe kwa makini, kama mtu anayekagua mali kabla ya kulipa, kisha akasema, "Hilo lina funza."

Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu, "Limeachwa juu mpaka likaiva."

Alikuwa amesema kweli. Makueni ni nchi ya maembe, na mtoto wa huko anayajua kwa karibu kuliko mchoraji wa mjini. Embe la kuuza halingojewi liive mtini. Huchumwa likiwa bado kijani lakini limekomaa, na ukomavu wake hujulikana kwa mabega: sehemu iliyo kandokando ya kikonyo hujaa na kuinuka, na ukilikata, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kugeuka manjano. Hapo linachumwa, linaivia dukani au ndani ya nyumba. Linaloachwa juu hukutwa na nzi wa matunda. Nzi jike hutoboa ganda na kutaga mayai chini yake, na kwa nje unaweza usione kitu ila kidoa. Siku chache baadaye funza wanakula ndani, tunda linaoza na kuanguka lenyewe. Aina ya nzi hao inayosumbua zaidi, ile yenye asili ya Asia, iligunduliwa Kenya mwaka 2003, kwa hivyo mtoto wa miaka minane hajawahi kuuona msimu wa maembe usio na nzi hao.

Sasa angalia kilichotokea. Mtoto hakushindwa kuielewa methali. Methali hakuifikia kabisa, kwa sababu picha ilisimama mlangoni. Niliweka mbele yake embe, naye akanieleza habari za embe. Kama ningekuwa mwalimu mwenye dakika thelathini za kipindi na darasa limejaa, ningeandika moyoni kwamba watoto hawa bado wadogo kwa mafumbo, nikaendelea na somo jingine.

Na tazama jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulitambua: methali yenyewe haikutaja embe. Haikutaja tunda lolote. Imesema "mbivu" tu. Sarufi inatuambia kwamba kitu hicho ni cha ngeli inayochukua "mbivu", kama ndizi mbivu, na zaidi ya hapo ikanyamaza. Haikusema mvumilivu ni mvulana au msichana, kijana au mzee. Haikusema anangoja wapi, wala kwa muda gani. Maneno matatu tu, na nafasi zote zimeachwa wazi makusudi ili kila msemaji azijaze kwa jambo lililo mbele yake. Mchoraji akaja akaziziba zote kwa kalamu yake: mvulana, mwembe, embe, kivuli, kungoja kwa kuketi bure. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana uvumilivu wa Kiswahili si kukaa na kutazama juu. Mvumilivu ni mtu anayestahimili jambo huku akiendelea nalo.

Wenye rai ile ya kwanza wana ushahidi wao, nami siudharau. Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu lugha na fikra za mtoto, aliwapa watoto wa miaka tisa hadi kumi na moja methali kadhaa pamoja na sentensi za kawaida, akawataka waoanishe kila methali na sentensi yenye maana sawa. Wengi walikosea, na walikosea huku wakiwa na uhakika kwamba wamepata. Basi ikaenea kwamba methali ni chakula cha wakubwa. Lakini angalia walichopewa: sentensi juu ya sentensi, pasipo kisa wala mtu. Mwaka 1978 Richard Honeck na wenzake, huko Marekani, walijaribu njia nyingine kwa watoto wa miaka saba, minane na tisa. Walimsomea mtoto methali, wakamwekea picha mbili achague inayoifaa. Picha sahihi haikuchora maneno ya methali. Ilichora tukio jingine kabisa lenye maana ile ile. Watoto waliichagua mara nyingi kuliko ambavyo kubahatisha kungeweza kueleza. Ni mtoto wa umri ule ule ambaye sisi tunasema hajui fumbo, ila yeye alipewa tukio, wetu tunampa embe.

Nami sioni kwamba tunahitaji Marekani ituambie hili, kwa sababu Waswahili wamekuwa wakiweka methali na michoro pamoja kwa miaka mingi. Chukua kanga. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi yaliyo chini ya mji. Mchoro wa mjini unaweza kuwa korosho, maua, kuku au nanasi, na jina likawa linazungumzia majirani wenye wivu. Hakuna anayedai jina na mchoro vifanane. Maana ya kanga hupatikana pale mwanamke fulani anapoivaa siku fulani akapita mbele ya mlango wa mtu fulani. Watu hawaulizi maneno yale yana maana gani. Wanauliza, "Anaambiwa nani?"

Hapo ndipo ninapoukamata ushauri wa pili, wa swali. "Methali hii inatufundisha nini?" ni swali la mtihani. KCPE iliwazoesha walimu na wazazi wa Kenya kwa miaka mingi, hadi ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwamba kujua methali ni kuikamilisha au kuchagua inayolingana nayo kati ya nne. Mtoto wa miaka minane akiulizwa swali hilo ana njia mbili tu. Atarudia maneno ya methali kwa kuyageuza kidogo, "tungoje vitu viive", au atatoa lile jibu linalofaa kila methali duniani, "inatufundisha tuwe na tabia njema." Mwalimu analiandikia alama ya sahihi. Jibu hilo liwekee "Haba na haba hujaza kibaba", liwekee "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", litakaa vilevile. Jibu linalokaa kila mahali halionyeshi kwamba mtoto ameelewa popote.

Swali linalofaa ni lile la kanga: nani angemwambia nani maneno haya, na lini? Mtoto wa miaka minane huenda asiweze kukueleza maana ya "uvumilivu", lakini anajua vizuri sana nani husemwa na nani nyumbani kwao, na kwa sababu gani.

Nilichora upya ule ukurasa, nao nauelezea hapa ili anayetaka aujaribu. Nilitafuta jambo ambalo mtoto wa Matiliku ameliona kwa macho yake, lenye kazi ndefu na mkono unaochoka, nikaangukia kiondo. Katika Ukambani ni vigumu kukuta mtoto ambaye hajamwona mwanamke akisuka kiondo, njiani hata sokoni. Kiondo huanzia katikati ya kitako. Nyuzi za mkonge hupangwa zikakutana kama miale ya jua, kisha uzi mwingine huzungushwa kati yake, duru baada ya duru, na nyuzi mpya zikiongezwa kadiri mduara unavyopanuka. Kosa la kitako halijifichi. Ukiruka uzi mmoja pale chini, upande mmoja utavuta na kiondo kitainama, hata kama juu umesuka kwa ustadi. Dawa ni kufumua.

Basi nikachora msichana akiwa na kitako cha kiondo kisichozidi upana wa kisahani, nyuzi zimetawanyika mapajani, nyingine zimekunjamana kama zilizokwisha kufumuliwa. Kando yake ameketi susu wake, ndivyo nyanya anavyoitwa kwa Kikamba, na kiondo chake kimefika nusu. Mlangoni amesimama mvulana mwenye mpira wa karatasi, mkono mmoja umenyooshwa kumwita dada yake. Msichana ameinua uso, na mikono bado imeshika nyuzi. Picha inaishia hapo. Sikuchora kiondo kilichokamilika, wala msichana akitabasamu, wala akiutupa uzi na kukimbia. Mwisho nikiuchora mimi, mtoto habakiwi na kazi.

Chini yake niliweka maswali matatu mafupi. "Msichana huyu amefumua mara ngapi? Umejuaje?" "Susu atamwambia nini? Kaka yake atamwambia nini?" "Ni nani kati yao anayeweza kusema: Mvumilivu hula mbivu?" Methali yenyewe haikuwa juu ya ukurasa. Ilikuja kwa mara ya kwanza ndani ya swali la tatu, watoto wakiwa wameshaingia ndani ya kisa.

Swali la kwanza linaonekana dogo, lakini usiliache. Linamfanya mtoto aitazame picha kwa kuhesabu, na anapoeleza amejuaje, ndipo anapoona kwamba kazi imerudiwa. La pili walilijibu kwa Kikamba, wakiingiliana, na wawili waliigiza sauti. Niliwaacha. Sera ya elimu ya Kenya yenyewe inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Baada ya kelele kupungua niliwaomba waliseme tena kwa Kiswahili, na wakati huo walikuwa na la kusema. La tatu ndilo lililonipa jibu nililokuwa nikilitafuta. Wengi walisema ni susu. Mvulana mmoja alikataa. Alisema anaweza kusema msichana mwenyewe, kumjibu kaka yake, ili amwache. Nikamuuliza, "Na hiyo mbivu iko wapi hapa?" Akaonyesha kile kiondo cha susu kilichofika nusu.

Hakuna tunda mahali popote kwenye picha ile. Mtoto alilipata.

Kuna namna rahisi ya kujua kama mchoro wako ni mzima kabla hujaupeleka kwa mpiga fotokopi. Ficha maneno, mpe mtoto picha peke yake, umuulize kunatokea nini. Akikujibu kwa orodha ya vitu, "msichana, nyuzi, mlango", mchoro haujawa kisa: watu hawatazamani, au mikono haifanyi kazi. Akikujibu kwa nasaha moja kwa moja, "watoto wafanye bidii", umechora zaidi ya kiasi, umeshamaliza hadithi. Jibu unalolitaka lina kitenzi na lina hofu kidogo ndani yake: "Anataka kwenda kucheza lakini hajamaliza." Siku ya pili mpe picha nyingine, isiyofanana hata kidogo na ya kwanza, mtu anayechimba kisima kwenye mchanga wa mto mkavu kwa mfano, uone kama methali itamjia bila kuitiwa. Ikimjia, ni yake.

Halafu kuna mambo ya karatasi, ambayo wachoraji wengi huyasahau. Kurasa hizi shuleni hazifiki zikiwa na rangi. Zinafika zikiwa fotokopi ya fotokopi. Kivuli ulichokipaka kwa penseli kinageuka doa jeusi na uso wa mtu unapotea ndani yake, na picha inayotegemea uso ikipotea, swali la "atamwambia nini" halina pa kushika. Chora kwa mstari mnene, bila vivuli, watu wasizidi watatu, na mikono iwe mikubwa kuliko kawaida. Mkono unaonyesha nia hata karatasi ikiwa mbaya.

Nakiri kwamba kuna mahali picha ya neno inahitajika. "Haba na haba hujaza kibaba": mtoto wa Matiliku anajua mahindi hupimwa kwa mkebe sokoni, ila kibaba hajawahi kukisikia popote nje ya methali hiyo. Lazima aonyeshwe kwamba ni kipimo, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi. Mchoree kibaba kidogo pembeni mwa ukurasa, kama unavyotoa maelezo ya neno, kisha nafasi kubwa uiachie kisa. Zipo pia methali ambazo ningeziacha zingoje. "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" ni methali ninayoipenda sana, lakini msomaji anahitaji kwanza kukijua chombo cha baharini, nyuma yake, mbele yake na tumbo lake ambamo maji hukusanyika. Mtoto ambaye mito yake ni ya mchanga, na bahari hajaiona, atatumia kipindi chote kujifunza mashua. Hakuna haraka. Lakini "Kidole kimoja hakivunji chawa" mpe leo. Wakamba nao wanayo, karibu kwa maneno hayo hayo, na kazi yako itakuwa kumfungulia mlango ambao nyumbani kwao tayari uko wazi.

Nirudi kwa yule msichana wa funza, kwa sababu kwa muda mrefu jibu lake lilinikalia moyoni. Wapo watakaosema mtoto aliyeipinga methali anahitaji kusahihishwa. Mimi naona alikuwa ametuzidi wote. Alisema kwamba ukingoja kupita wakati, unachokingojea kinaharibika mbele ya macho yako. Hilo si kosa. Ni methali nyingine, na Waswahili wanayo tangu zamani: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Methali zetu nyingi zina mwenza anayezikabili, na mtu mzima mwenye busara hutambulika kwa kujua itolewe ipi leo. Kitabu cha watoto kinachoweka "Mvumilivu hula mbivu" peke yake, na picha ya embe linalong'aa, kinamwambia mtoto kwamba methali ni amri. Mtoto aliyekulia kwenye shamba la maembe ana haki ya kuikataa amri hiyo, maana mama yake angeifuata wasingeuza hata kreti moja.

Siku nyingine nilimpa msichana huyo methali hiyo ya pili. Sikumchorea kitu. Nilimuuliza tu, "Hii nani angemwambia nani?" Akafikiri, akasema ni mama yake, anamwambia baba, siku ile mnunuzi alipokuja na gari na baba akasema angoje bei ipande. Hakuhitaji kuulizwa inafundisha nini.

Kwa hivyo nawaomba ninyi mnaochora na ninyi mnaohariri: mtakapofika kwenye ukurasa wa "Mvumilivu hula mbivu", toeni embe. Wekeni watu wawili wanaotaka vitu viwili tofauti, muwaache kabla hawajaamua, na ukurasa unaofuata uwe wa "Ngoja ngoja huumiza matumbo", na watu wale wale.